Wino wa Skrini au Vinili ya Joto? Mwongozo Kamili wa Kuchagua Njia ya Kuchapa Fulana kwa Kupima Ufuaji, Mvutiko na Gharama

Mteja anayeagiza fulana huuliza bei kwanza, kisha huuliza kama maandishi yatadumu. Fundi mwenye skrini, yaani fremu yenye wavu unaopitisha wino, humjibu kwamba vinili hubanduka, na fundi mwenye hitipresi, mashine ya kubana kitambaa kwa joto, humjibu kwamba wino hupasuka. Wote wawili wameyaona kwa macho yao hayo wanayoyasema, lakini wanaeleza kazi iliyoharibika, na kazi iliyoharibika haituambii ni kipi kati ya vitu hivi viwili kinachofaa zaidi. Katika mwongozo huu nitachukua oda moja ya kawaida na kuipitisha katika njia zote mbili: fulana 50 nyeusi za pamba, zenye maandishi meupe ya rangi moja kifuani, ambapo wanakamati 12 wanataka pia majina yao yaandikwe mgongoni. Oda ya namna hii huja kila wiki kutoka kwa vikundi vya harusi, kwaya, timu za mtaani na wanafunzi wanaomaliza shule, na ndiyo inayoonyesha vizuri mahali ambapo kila njia ina nguvu na mahali inapoishiwa.

Kwanza, tambua unachokinunua

Wino wa skrini unaopatikana madukani ni wa aina kuu mbili. Wa kwanza ni plastisoli, ambayo ni chembechembe za plastiki ya PVC zilizochanganywa na mafuta ya kulainisha plastiki. Plastisoli haina maji ya kukauka, ndiyo maana inaweza kukaa juu ya skrini kutwa nzima bila kuziba wavu. Kinachoigeuza kuwa tabaka gumu ni joto peke yake. Wa pili ni wino wa maji, ambao una rangi na gundi ndani ya maji. Huu huingia ndani ya nyuzi za kitambaa, huacha fulana ikiwa laini mkononi, lakini hukauka upesi kwenye wavu na mwingi wake huhitaji dawa ya kukazia au joto ili ushike kweli.

Vinili ya joto ni karatasi ya plastiki nyembamba yenye gundi kavu upande wa nyuma, na gundi hiyo huyeyuka inapobanwa na hitipresi. Iliyo bora kwa fulana ni ya poliyurethani, ambayo kwa kawaida ina unene wa karibu maikroni 80 hadi 100. Ipo pia ya PVC, nzito zaidi na ya bei nafuu, ambayo huonekana nzuri siku ya kwanza lakini hukakamaa kadiri inavyofuliwa. Ukiwa dukani, kunja ncha ya sampuli katikati ya vidole viwili kisha uiachie: ya poliyurethani hulegea kama kitambaa, ilhali ya PVC hurudi kwa ukaidi na wakati mwingine hubaki na mstari mweupe pale ilipokunjwa.

Jihadhari pia usiuziwe vinili ya stika ukidhani ni ya nguo, kwa kuwa roli zake hufanana. Ya stika ina karatasi nyuma yake, na ukiibandua gundi yake hunata kidoleni papo hapo. Ya nguo imefunikwa kwa plastiki inayopenyesha mwanga upande wa mbele, na gundi yake ya nyuma hainati kabisa mpaka ipate joto.

Ufuaji: swali la kuiva

Miaka ya mwanzo nilichapa fulana 30 za kikundi kimoja kwa plastisoli nyeupe, nikazikausha kwa kifaa cha kupuliza hewa ya moto. Niligusa kila moja kwa kidole na kila moja ilikuwa kavu, nikazikunja na kuzikabidhi nikiwa na furaha. Baada ya wiki mbili niliyaona maandishi yale yamepasuka kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi, na katika fulana mbili herufi nzima zilikuwa zimebaki kwenye beseni la kufulia. Wino ule ulikuwa mzuri na kitambaa kilikuwa kizuri. Kosa langu lilikuwa kuamini kidole.

Sababu yake ni hii. Plastisoli ikipata joto la karibu nyuzijoto 100 za Selsiasi huganda juu na hugusika kama kitu kikavu, lakini chembechembe zake bado hazijaungana kuwa kitu kimoja. Ya kawaida huiva inapofika karibu nyuzijoto 160 katika unene wake wote, kuanzia juu mpaka pale inapogusana na uzi. Zipo pia zinazoiva kwa joto la chini zaidi, na hilo huandikwa kwenye kopo. Katikati ya kuganda na kuiva kuna pengo kubwa ambalo jicho halilioni wala kidole hakilihisi. Karibu kila wino unaotoka kwa kufuliwa umekwama ndani ya pengo hilo.

Kwa hiyo, kwa oda yetu ya fulana nyeusi, hatua za wino ninazozifuata ni hizi:

1. Tengeneza skrini yenye wavu wa nyuzi 43 kwa sentimita, ambao hupitisha wino wa kutosha kufunika kitambaa cheusi. Wavu wa nyuzi 77 hutoa mistari myembamba zaidi, lakini mweupe wake juu ya nyeusi hubaki kama majivu.

2. Acha nafasi ya milimita 2 hadi 3 kati ya wavu na fulana, ili wavu ujibandue wenyewe mara tu skwiji, kibao chenye ukingo wa mpira cha kusukumia wino, inapopita. Vuta skwiji kwa mkono usiosita, pasha wino joto kwa sekunde chache mpaka ugande, kisha chapa mara ya pili juu yake bila kuihamisha fulana. Tabaka mbili nyembamba hufunika vizuri na huvutika kuliko tabaka moja nene.

3. Funika chapa kwa karatasi ya kuokea yenye silikoni, kisha weka kwenye hitipresi ya nyuzijoto 160 hadi 165 kwa sekunde 30 hadi 40, ukibana kidogo sana. Ukibana kwa nguvu, wino utazama kitambaani na ung'avu wake utapotea.

4. Iache ipoe kabisa, kisha ivute kwa upana. Ikipasuka, haijaiva, na inarudi kwenye joto. Isipopasuka, imevuka kizingiti cha kwanza tu. Bado ina jaribio la kufuliwa mbele yake.

Namba inayoonekana kwenye kioo cha hitipresi si ushahidi. Mashine nyingi za bei nafuu huwa na joto zuri katikati na pembe zilizopoa, na tofauti hiyo inatosha kuivisha herufi za katikati na kuziacha za pembeni zikiwa mbichi. Nunua kipimajoto cha bastola cha viwandani, upime bamba katika sehemu tano: katikati na kwenye pembe nne. Vile vipimajoto vya paji la uso tulivyovizoea milangoni wakati wa korona havifai, kwa kuwa vimetengenezwa kwa joto la mwili wa binadamu na havifiki hata karibu na joto hili. Kumbuka pia kwamba kipimajoto cha bastola husoma uso wa wino pekee, na sehemu ya chini ya tabaka nene huchelewa; ndiyo maana muda ni muhimu sawa na joto.

Kwa wino wa maji, kosa linalofanana na langu ni kudhani kwamba jua limemaliza kazi. Jua hukausha maji, lakini gundi haijafungamana. Ama upashe wino joto la kiwango kilichoandikwa kwenye kopo, ambalo kwa aina nyingi ni karibu nyuzijoto 150 hadi 160 kwa dakika kadhaa, ama uchanganye dawa ya kukazia kwa kipimo cha mtengenezaji, kisha uziache fulana siku mbili au tatu kabla hazijafuliwa. Dawa hiyo ikishachanganywa hudumu saa chache tu, hivyo pima wino wa kazi ya siku hiyo na usirudishe mabaki kwenye kopo.

Vinili nayo huiva, ingawa mafundi wengi hawalitumii neno hilo kwake. Gundi yake haina budi kuyeyuka na kusukumwa ndani ya nyuzi, na kwa hiyo inahitaji mambo matatu kwa pamoja: joto, muda na mkandamizo. Geuza maandishi yasomeke kinyume kabla ya kukata kwenye plota, mashine inayokata vinili kwa kufuata mchoro wa kompyuta, kata kipande cha jaribio cha sentimita moja ili uhakikishe kisu kinapita kwenye vinili bila kukata plastiki ya kubebea, kisha chambua, yaani ondoa sehemu zisizohitajika kwa ndoano. Bana fulana tupu kwa sekunde tano ili unyevu utoke. Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga au Mombasa hatua hii hairukwi, kwa maana pamba iliyokaa kwenye hewa nzito ya bahari huwa na maji usiyoyaona, na maji hayo yakigeuka mvuke huisukuma gundi isishike. Weka vinili, bana kwa nyuzijoto 150 hadi 160 kwa sekunde 10 hadi 15, bandua plastiki ikiwa ya moto au imepoa kulingana na aina yake, kisha funika kwa karatasi na ubane tena sekunde tano. Acha saa 24 kabla ya kufua.

Ishara ya kushika vizuri ipo wazi kwa anayeitafuta. Inamisha fulana iliyopoa ili mwanga uipige kutoka pembeni, na utaona mistari ya ufumaji wa kitambaa imejichora juu ya vinili. Uso ukiwa laini kama kioo, gundi imekaa juu ya uzi badala ya kuingia ndani, na kingo zitaanza kunyanyuka kwenye ufuaji wa pili au wa tatu. Sababu ya kawaida ni mshono, kishikizo au kola iliyoingia chini ya bamba na kulinyanyua. Weka mto wa sponji ya kuhimili joto ndani ya fulana, au itandaze ili mshono ubaki nje ya meza.

Maelekezo ya ufuaji yanayochapwa kwenye roli za vinili huandikwa kwa kufikiria mashine ya kufulia. Kwetu fulana nyingi hulowekwa kwenye sabuni ya unga, hufikichwa kwa vifundo vya vidole, hukamuliwa kwa kusokotwa na kuanikwa juani, na kufikicha huko ndiko kunakotafuta ukingo wa vinili na kuunyanyua. Kwa sababu hiyo jaribio langu ni la beseni. Nachapa vipande viwili vya kitambaa kilekile, kimoja kwa wino na kimoja kwa vinili, naviloweka nusu saa, navifikicha kitambaa kwa kitambaa, navikamua na kuvianika, na kurudia mara tano. Wino usioiva hupauka au kumeguka kufikia mara ya tatu. Vinili isiyoshika huanza kunyanyuka kwenye pembe kali za herufi kama A, K na V. Vyote viwili vikipita mara tano bila dosari, naamini vimeiva.

Nikilinganisha kazi iliyofanywa vizuri kwa pande zote, wino wa skrini unaushinda ufuaji wa beseni, kwa sababu hauna ukingo wa kushikwa na kidole. Umeshikana na nyuzi kila mahali ulipo. Vinili nzuri hukaa muda mrefu kwa mtu anayegeuza fulana ndani nje na kuifua kwa upole, lakini sitamwahidi hivyo mama anayefua nguo za watoto sita kwa pamoja.

Mvutiko: mahali ambapo vinili huhukumiwa kwa makosa

Fulana ya pamba hufumwa kwa vitanzi, na kwa hiyo huvutika zaidi kwa upana kuliko kwa urefu. Wino huishika kila kitanzi peke yake kwa kiasi fulani, na kitambaa kinapofunguka wino hufunguka nacho. Vinili ni utando mmoja usio na matundu: kitambaa kinapovutika chini yake, utando hukataa au hukubali kwa kiwango chake, na nguvu yote ya ukinzani huenda kukusanyika kwenye kingo na kwenye ncha kali. Hii ndiyo sababu ninapochora kwa ajili ya vinili huwa nazungusha kidogo ncha za herufi, na sikubali mstari mwembamba kuliko milimita 2. Mstari mwembamba una gundi kidogo na kingo mbili zilizo karibu, na mkono unaofikicha huufikia upesi.

Ukubwa wa eneo ni jambo jingine. Bamba la vinili la sentimita 25 kwa 25 lisilo na nafasi ndani hukaa kifuani kama kipande cha plastiki, halipitishi jasho, na pamba inaposinyaa katika ufuaji wa kwanza bamba lenyewe halisinyai, hivyo hujikunja mawimbi. Ukilazimika kutumia vinili kwa mchoro mkubwa, ukate katika vipande vyenye nafasi ya milimita mbili tatu kati yake, ili kitambaa kipate mahali pa kuvutika na kupumua. Wino mnene una tatizo la jamaa hii, ingawa kwa kiasi kidogo: bamba la plastisoli lililochapwa mara nne juu ya kitambaa cheusi ni gumu, na huvunjika kwenye mikunjo.

Jaribio lenyewe ni rahisi. Shika chapa kwa mikono miwili kwa upana, uivute mpaka iongezeke karibu robo ya upana wake, hesabu mpaka tano, kisha uiachie. Itazame kwa karibu. Nyufa nyembamba zinazoonyesha kitambaa maana yake ni kwamba wino haujaiva au tabaka ni nene mno. Chapa kipande kipya na ukiivishe vizuri; nyufa zikitokea tena, punguza unene. Kwa vinili, ukiona maandishi yamebaki marefu na kitambaa kinachoyazunguka kimejikunja baada ya kuachia, vinili hiyo imevutika bila kurudi na haifai kwa nguo hiyo. Kwa fulana zenye laikra, kama zile za mazoezi zinazobana mwili, nunua vinili iliyotengenezwa kwa ajili ya kuvutika. Plastisoli pia ina kiongezi chake cha kuifanya ivutike. Vinili ya kumetameta na ile ya povu zisiwekwe kabisa kwenye nguo hizo.

Jezi za poliesta zina hatari ambayo haionekani wakati wa kuchapa. Rangi ya poliesta hugeuka mvuke inapopata joto kali, hupanda mpaka ndani ya chapa, na maandishi meupe juu ya jezi nyekundu huwa ya waridi baada ya saa chache au siku chache. Mvuke huo hauchagui. Huingia kwenye wino na kwenye vinili vilevile. Kinachosaidia ni kushusha joto kwa kutumia plastisoli inayoiva kwenye joto la chini, karibu nyuzijoto 130, au vinili ya joto la chini yenye tabaka la kuzuia rangi. Chapa jezi moja, ilaze usiku kucha, uitazame asubuhi kabla ya kugusa zilizobaki. Bahati njema oda yetu ni ya pamba, na pamba haina tabia hiyo.

Gharama: tafuta idadi ya mpaka

Tofauti ya gharama kati ya njia hizi mbili ni ya umbo. Skrini ina gharama kubwa ya kuanzia inayolipwa mara moja kwa kila rangi, kisha kila fulana inagharimu kidogo sana. Vinili haina gharama ya kuanzia inayostahili kutajwa, lakini fulana ya 50 hugharimu sawa na ya kwanza. Ukishaliona hilo, kazi iliyobaki ni kutafuta idadi ya fulana ambapo mistari hii miwili inakutana.

Nitatumia bei za mfano kwa shilingi za Tanzania. Wewe weka za duka lako, hesabu yenyewe haibadiliki. Tuseme mita moja ya vinili ya poliyurethani ni shilingi 12,000, kilo ya plastisoli nyeupe ni shilingi 30,000, na saa moja ya fundi ni shilingi 5,000. Bei ya fulana tupu naiacha nje kwa kuwa ni ileile kwa njia zote mbili.

Tuanze na vinili, na hapa pana jambo dogo lenye pesa nyingi. Roli ina upana wa sentimita 50, lakini magurudumu ya plota hushika kingo, hivyo upana unaotumika ni karibu sentimita 48. Mchoro wa mteja ulikuwa na upana wa sentimita 25 na urefu wa 20. Kwa upana huo, bila kuulaza mchoro ubavu, unaingia mmoja tu kwa kila safu, na karibu nusu ya roli inakwenda kwenye ndoo ya taka. Nikiupunguza mpaka sentimita 23, inaingia miwili kwa kila safu, na mteja haoni tofauti kifuani. Kila safu inachukua sentimita 21 pamoja na nafasi, kwa hiyo fulana 50 zinahitaji safu 25, yaani mita 5.25. Naongeza nusu mita kwa makosa, inakuwa mita 5.75, sawa na shilingi 69,000, au shilingi 1,380 kwa fulana. Kukata, kuchambua na kubana huchukua karibu dakika 6 kwa fulana, ambazo ni shilingi 500. Jumla ni shilingi 1,880 kwa kila fulana na shilingi 94,000 kwa oda nzima.

Kwa skrini, filamu, dawa ya kupaka kwenye wavu, na muda wa kuandaa na baadaye kuisafisha skrini, naviweka pamoja kuwa shilingi 25,000 kwa rangi moja. Maandishi haya, kwa tabaka mbili na kwa kuhesabu wino unaobaki kwenye wavu na skwiji, yanatumia karibu gramu 6 kwa fulana, yaani shilingi 180, naandika 200. Kuchapa mara mbili na kuivisha huchukua dakika 3, shilingi 250. Kila fulana inagharimu shilingi 450, hivyo 50 ni shilingi 22,500, na ukijumlisha maandalizi unapata shilingi 47,500. Hiyo ni shilingi 950 kwa fulana, nusu ya vinili.

Idadi ya mpaka hupatikana kwa kugawanya gharama ya maandalizi kwa tofauti ya gharama ya fulana moja moja. Hapa ni 25,000 kugawanya kwa 1,430, sawa na karibu 17.5. Chini ya fulana 18 vinili ni nafuu, kuanzia 18 skrini ni nafuu. Mchoro wa rangi mbili huongeza skrini ya pili, na mpaka husogea juu, lakini kwa vinili nako kuna tabaka la pili la kukata, kuchambua na kulenga, kwa hiyo hausogei mbali kama watu wanavyodhani. Mimi sipendi kuweka vinili rangi zaidi ya mbili, kwa kuwa kila tabaka linaongeza unene na ukakamavu, na tunarudi kwenye tatizo la mvutiko.

Usisahau gharama ya kosa. Doa la wino mweupe kwenye fulana nyeusi ni fulana iliyopotea, na anayejifunza skrini atapoteza moja au mbili katika kila hamsini. Kosa la vinili likionekana kabla ya kubana limepoteza kipande cha vinili tu. Agiza fulana mbili za ziada kwa kazi ya skrini na uziingize kwenye bei tangu mwanzo. Ama kuhusu vifaa, asiye na plota anaweza kupeleka faili lake kwa fundi wa stika mwenye plota akatiwe kwa malipo, lakini hitipresi lazima awe nayo mwenyewe, kwa kuwa ndiyo inayoivisha njia zote mbili.

Oda yetu, kuanzia asubuhi mpaka kukabidhi

Majina 12 ya mgongoni hayahitaji mjadala. Kila jina lingedai skrini yake, na skrini 12 kwa bei yetu ni shilingi 300,000 kwa majina tu. Kwa vinili, jina la sentimita 22 kwa 6 linaingia mara mbili kwa kila safu ya sentimita 7, hivyo majina yote yanakula karibu nusu mita ya roli, shilingi 6,000, na kwa dakika tano tano za kazi jumla inafika kama shilingi 11,000. Oda nzima, kifua kwa wino na majina kwa vinili, ni shilingi 58,500. Kama ningefanya yote kwa vinili ingekuwa shilingi 105,000.

Utaratibu wa kazi mseto una sheria moja isiyovunjwa: wino kwanza, vinili baadaye. Vinili iliyokwisha kubanwa haitakiwi kurudi chini ya joto la sekunde 40 linalohitajika kuivisha plastisoli, kwa sababu gundi yake itayeyuka tena na kuchuruzika pembezoni mwa herufi, nawe utaona ukingo wa gundi kuzunguka jina. Nachapa fulana zote 50 kifuani, naziivisha, naziacha zipoe, navuta moja katika kila kumi. Ndipo nachukua zile 12, nazigeuza mgongo juu, na naweka karatasi ya kuokea ndani ya fulana ili wino wa kifuani usishike meza inapopata moto. Jina naliweka karibu sentimita 10 chini ya mshono wa kola, ambapo bamba halitagusa mshono na ambapo mabega hayavuti sana mtu anapoinama. Vinili isiwekwe juu ya plastisoli kwa namna yoyote. Gundi yake imetengenezwa kushika uzi, na juu ya wino itabanduka.

Fulana moja ya ziada, iliyochapwa kifua na jina, naifua kwenye beseni mara tano kabla ya siku ya kukabidhi, na ndiyo ninayomwonyesha mteja. Kisha ninamwandikia kwenye karatasi, kwa lugha nyepesi: fulana zisifuliwe kabla ya siku moja kupita, zigeuzwe ndani nje zinapolowekwa, zisitiwe dawa ya kung'arisha, zikamuliwe kwa kubinywa na si kwa kusokotwa, na pasi ipite upande wa ndani, kamwe isipite juu ya maandishi, kwa sababu wino na gundi vyote viwili hulainika tena chini ya pasi ya moto.